Katibu na Mtu wa Pili

Katika jengo lile la ghorofa nane kulikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Katibu na kila mkazi, na hata mke wake wa ndoa, aliyemzalia watoto wanne, hakumwita kwa jina jingine. Alikuwa katibu wa kamati ya wakazi kwa mwaka wa kumi na kitu, na cheo hicho, ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka, alikivaa kama joho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani katika idara moja ya serikali, chumba cha nyuma, mahali ambapo taarifa za wengine zilipita mikononi mwake ili zisafishwe kabla ya kupanda kwa wakubwa. Kusafisha huko ndiko alikojifunza, na hakuna kingine alichojifunza.

Mwenyezi Mungu amewapa waja wake vipaji mbalimbali, na huyu alipewa kipaji cha kuandika taarifa ambayo ndani yake hakuna lililotokea. Jiko la ghorofa ya sita liliposhika moto hata pazia zikateketea, Katibu aliandika kwamba kulikuwa na moshi wa muda. Mwizi alipovunja mlango wa mjane mmoja na kuondoka na televisheni yake mabegani, katika taarifa ya Katibu alikuwa mgeni ambaye hakutambuliwa. Bomba kuu lilipopasuka na maji yakashuka ngazi kwa siku mbili, aliandika kuwa wakazi walishuhudia ongezeko la maji. Wakazi walicheka, wakapiga kura, wakamrudisha. Nao pia hawakosi lawama, kwa maana mtu wa namna hii hakai juu ila kwa mabega ya wavivu wanaombeba.

Alikuwa na kanuni mbili, na kwa kuwa mambo yote ya siku ile yalitoka humo, zinafaa kuelezwa. Ya kwanza ni kwamba tukio huanza pale linapopokewa rasmi. Kabla ya hapo ni uvumi tu. Kwa hiyo mtu akichelewa kupokea taarifa, tukio lenyewe hufupika, na Katibu alikuwa hodari wa kuchelewa. Ya pili ni kwamba aliyeathirika ni yule anayeonekana mahali pa tukio. Aliyeumia chumba cha pili, au ghorofa ya juu, au kesho yake, huyo ana shida zake binafsi.

Lifti ya jengo ilikuwa moja, nyembamba, ya zamani, na Katibu aliipenda kwa sababu ilimpa mambo ya kutangaza. Mwenyewe alikaa ghorofa ya pili na hakuipanda ila alipobeba gunia la mchele. Pembeni mwa mlango wa lifti, pale chini, kampuni ya lifti ilikuwa imebandika kibao chenye namba ya simu ya dharura. Juu ya kibao hicho Katibu alibandika tangazo lake: tatizo lolote la lifti liripotiwe kwa Katibu peke yake. Namba ya dharura ikafunikwa, na hakuna aliyeuliza. Kengele iliyo ndani ya lifti, ambayo mtu aliyekwama huibonyeza ili asikike, aliamuru ikatwe waya, kwa hoja kwamba watoto huichezea na kuvunja utulivu wa wakazi. Na wakazi walipomweleza kuwa mlango wa lifti wa ghorofa ya tatu unacheza na kugongagonga, alipokea malalamiko yao kwa adabu na kuyaandika kuwa ni sauti isiyo na madhara.

Kwenye ghorofa ya saba waliishi mshonaji mmoja mzee, ambaye jengo zima lilimwita Bibi Mshonaji, pamoja na mume wake. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu hadi kiharusi kilipomwangusha. Upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi wake ukawa mzito. Hakuweza kujigeuza kitandani wala kufikia glasi ya maji. Mkewe alimgeuza kila baada ya muda ili asipate vidonda vya mgongo, alimnywesha kwa kijiko, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia, alipotoka nje alifunga mlango kwa ufunguo na kurudi mbio.

Siku ya Jumamosi, mchana, alishuka kwenda duka la dawa lililo mkabala na jengo kuchukua vidonge vya mume wake. Hakukaa. Alirudi na kifuko mkononi, akaingia kwenye lifti peke yake, akabonyeza saba. Lifti ilipita ghorofa ya nne, ikatetemeka, ikasimama kabla ya kufika ya tano. Taa ilibaki ikiwaka. Bibi alibonyeza saba tena, kisha akabonyeza kengele, na kengele ikanyamaza kama Katibu alivyoiamuru. Simu yake alikuwa ameiacha mezani, kando ya cherehani. Basi akavua kiatu kimoja na kuanza kugonga mlango.

Aligonga muda mrefu. Waliopanda ngazi walisikia, wakadhani mtu anapigilia misumari. Hatimaye mlinzi wa jengo, mtu mpole aliyezoea kutumwa, alipanda kuona ni nani anayejenga, akasikia sauti ya Bibi nyuma ya bati.

"Mwanangu, niko humu. Nimekwama. Mzee wangu yuko juu peke yake na nimemfungia."

Mlinzi akashuka kwa Katibu, kwa kuwa tangazo lilisema aende kwa Katibu. Katibu alikuwa amelala baada ya chakula. Mkewe alimwamsha.

"Katibu, amka. Bibi Mshonaji amekwama kwenye lifti."

"Nani amesema?"

"Mlinzi huyu hapa mlangoni."

"Amesema kwa mdomo?"

"Ulitaka aseme kwa nini? Kwa goti?"

Katibu alikaa kitandani, akavaa miwani kwanza ndipo akavaa shati. "Lifti hii ina tabia," alisema. "Husimama, kisha hurudi yenyewe. Tuipe nafasi." Akaomba chai. Mlinzi alisimama mlangoni akimtazama akiipuliza. Wapo watu ambao uovu wao una fahari kiasi, nao mtu huwaogopa. Uovu wa huyu ulikuwa na sukari vijiko vitatu, na ulinywewa taratibu.

Lifti haikurudi yenyewe. Chai ilipokwisha, mkewe akamkazia macho, naye akaipigia simu kampuni ya lifti, kwa namba aliyokuwa nayo yeye peke yake. Binti aliyepokea alimuuliza swali ambalo huulizwa mahali pote kabla ya jingine lolote.

"Kuna mtu ndani?"

Hapa ni lazima tumtazame vizuri. Alijua kwamba akisema yupo, fundi atatumwa wakati uleule, na tukio litaandikwa, na taarifa itakwenda kwa mkaguzi wa lifti: mtu alikaa ndani muda gani, alitolewaje, ni wangapi walioathirika. Mkaguzi atakuja. Ataona kengele iliyokatwa waya. Ataona tangazo juu ya namba ya dharura. Katibu alipima haya yote upande mmoja, na bibi mzee ndani ya sanduku la bati upande wa pili, na mizani yake ikaegemea pale ilipozoea.

"Hakuna," alisema. "Imekwama tu."

"Basi fundi atakuja Jumatatu asubuhi."

"Hakuna haraka," alisema Katibu, kwa ukarimu.

Mkewe alikuwa jikoni akiosha kikombe, na maji ya bomba yalikuwa na kelele. Alipouliza wamesema nini, alijibiwa kuwa jambo limeshughulikiwa.

Kisha Katibu akapanda na mlinzi hadi ghorofa ya nne, na akamwagiza alete nondo. Alikuwa ameamua kumtoa Bibi kienyeji, kimyakimya, na kwa hesabu yake mtu aliyetoka bila fundi na bila zimamoto ni mtu ambaye hakukwama. Mlinzi aliusokota mlango wa nje kwa nondo hadi kufuli likaachia, na Bibi akausukuma ule wa ndani kwa mikono yake. Wakaonana. Lakini sakafu ya lifti ilikuwa juu, usawa wa kifua cha mlinzi, na chini ya sakafu hiyo, pale ambapo ukuta ungepaswa kuwa, palikuwa wazi na peusi: shimo la lifti lenyewe, kutoka ghorofa ya nne hadi chini kabisa.

"Kaa kwenye ukingo, Bibi," alisema Katibu, "uteremke taratibu. Huyu atakushika."

"Nimshike vipi, Katibu?" aliuliza mlinzi. "Akiteleza anaingia humo chini."

"Hatateleza. Bibi ni mwepesi."

Bibi alikaa, akaning'iniza miguu. Kiatu alichokuwa amekivaa kilikuwa kimelegea. Kikamtoka, kikapita mbele ya kifua cha mlinzi, kikaingia gizani. Wote watatu wakasikiliza. Kilipotua, sauti yake ilitoka mbali sana. Bibi akaivuta miguu yake ndani, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Sishuki."

"Bibi, usifanye jambo kuwa kubwa."

"Katibu, mimi nimefanya nini? Nimesema sishuki. Nitakaa humu hadi waje wenye kazi yao. Lakini mzee wangu hawezi kukaa." Akatoa ufunguo kwenye fundo la khanga, akajilaza kifudifudi na kuunyoosha mkono. "Huu hapa. Mtu apande amgeuze na ampe maji. Vidonge hivi pia. Nakuomba kwa jina la Mungu, baba."

Mlinzi alitaka kuupokea, lakini Katibu aliutangulia mkono wake. "Nitalishughulikia," alisema, na akautia ufunguo na kifuko cha dawa katika mfuko wa koti. Akamwamuru mlinzi aurudishe mlango na akae pale asisogee. Yeye mwenyewe akashuka, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuna vijana pale chini wanaopiga picha kwa simu, na picha zilimtia hofu kuliko mashimo.

Hakusahau ule ufunguo. Laiti angekuwa amesahau, ningemwita mzembe na tukaachana naye. Aliusikia ukigongana na sarafu zake kila alipotembea. Lakini kumpeleka mtu ghorofa ya saba kulikuwa ni kukiri kwamba jambo limefika ghorofa ya saba, na hilo kanuni yake ya pili haikuliruhusu. Kwa hiyo alisimama kwenye ukumbi wa chini, akawaambia watu watawanyike, na wao, ambao kila mmoja alimfahamu yule mgonjwa aliyekuwa juu, waliuliza kama lifti itafanya kazi kabla ya jioni, wakapiga picha ya mlango uliofungwa, wakatawanyika.

Mkewe alimaliza vyombo vyake, akaona muda unakwenda na mume harudi, akapanda ngazi mwenyewe. Alimkuta mlinzi ameegemea mlango wa lifti wa ghorofa ya nne kama mtu aliyewekwa alinde maiti.

"Bado yumo?"

"Yumo, mama."

"Na fundi?"

"Katibu kasema kuna utaratibu."

Sauti ya Bibi ikatoka juu, imekauka. "Ni wewe, Mama Katibu? Mzee wangu ameshageuzwa?"

"Nani amekwenda kumgeuza, Bibi?"

"Sijui ni nani. Ufunguo anao mume wako."

Mke wa Katibu alikuwa mwanamke aliyemvumilia mume wake kama mtu anavyovumilia goti bovu, kwa kuegemea lile zima. Alitoa simu, akapiga zimamoto palepale ngazini, akataja jengo, akataja ghorofa, akasema kuna mama mzee ndani ya lifti tangu adhuhuri na mlango wake umeshavunjwa kwa nondo. Kisha akashuka hadi chini, akamkuta mume wake akiwaelekeza watu wawili wa mwisho wapi pa kusimama.

"Nipe ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Katibu, nitautoa mwenyewe, na nitautoa mbele ya hawa."

"Mke wangu, kuna namna ya kuyafanya haya mambo."

Mkewe akautoa mwenyewe mfukoni, na kifuko cha dawa pia. Sarafu mbili zilidondoka sakafuni, naye Katibu akainama kuziokota, na alipoinuka mkewe alikuwa amekwisha kufika kwenye ngazi.

Pale ghorofa ya saba alifungua mlango na hakumwona mtu kitandani. Mzee alikuwa sakafuni, upande wake uliokufa ukiwa chini, shuka limemzonga miguuni. Alikuwa amesikia mke wake akigonga kwa kiatu chini huko, akaitambua sauti yake, na akajaribu kumwendea. Kwa mkono mmoja alijivuta hadi ukingoni mwa kitanda na kuanguka, na tangu hapo alilala pale bila kujiweza. Nguo zake zilikuwa zimelowa, midomo imepasuka, na nyonga haikugusika. Mke wa Katibu hakuthubutu kumwinua peke yake. Alikaa chini, akaweka kichwa cha mzee mapajani mwake, akamdondoshea maji kwa kijiko.

"Mke wangu," alisema mzee, kwa ulimi wake ule mzito.

"Yuko salama, shemeji. Anakuja. Kunywa kidogo kwanza."

Zimamoto walifika mapema kuliko jengo lile lilivyostahili. Kiongozi wao alikuwa sajini mmoja mwenye sauti ya chini. Aliutazama mlango wa ghorofa ya nne ulivyosokotwa kwa nondo, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Katibu akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama sakafu.

"Nimeuliza aliyetoa amri," alisema sajini.

"Tulikuwa katika hatua za awali," alisema Katibu.

"Hatua ya pili ingekuwa kumwokota huko chini."

Sajini aliipigia kampuni ya lifti akasema kuna mtu ndani, na fundi ambaye alikuwa aje Jumatatu alitokea kabla chai nyingine haijachemka. Akaomba ufunguo wa chumba cha mashine kilicho juu ya paa. Ufunguo alikuwa nao Katibu, na mlango ulipofunguliwa ilionekana kwa nini hakupenda watu wapande huko: makochi yake ya zamani yalikuwa yamepangwa mbele ya mashine, na juu yake kitanda cha mtoto na zulia lililokunjwa. Vijana wa zimamoto waliyatoa juani moja baada ya jingine.

Kisha kazi ikafanyika kama inavyopaswa, nayo haikuwa na miujiza. Fundi alizima umeme wa lifti kwanza ili isije ikaondoka ghafla. Mlango wa nje wa ghorofa ya nne ulirudishwa na mtu akawekwa kuulinda. Sajini alimwambia Bibi afunge mlango wa ndani, asimame katikati, asiguse kitu, na kwamba atahisi chumba kikisogea polepole, asiogope. Ndipo fundi akaiachia breki kwa mkono, kidogo, akaibana, akaiachia tena. Kwa kuwa ndani mlikuwa na bibi mmoja mwembamba tu, ule uzito wa chuma unaoning'inia upande wa pili wa kamba ulikuwa mzito kumshinda, na chumba kikapanda chenyewe hadi sakafu yake ikalingana na ya ghorofa ya tano. Pale mlango ulifunguliwa kwa ufunguo maalumu, na Bibi akatoka kwa miguu yake, pekupeku, kiatu kimoja mkononi. Hakumshukuru mtu. Alipanda ghorofa mbili zilizobaki akiwa ameshika ukuta.

"Mlango wa ghorofa ya tatu umelegea," fundi alimwambia sajini huku akifunga mkoba. "Ukitikisika, mashine inadhani uko wazi, inasimama. Imefanya ilivyofundishwa."

Mzee alishushwa ghorofa zote saba kwa machela, kwa ngazi, akapelekwa hospitali. Mfupa haukuvunjika, ila nyonga ilikuwa imechubuka vibaya na mkojo ulikuwa umemuunguza ngozi. Walimrudisha siku iliyofuata, kwa machela vilevile, kwa ngazi vilevile. Na usiku huohuo wa Jumamosi, mke wake akiwa kwenye benchi la hospitali, Katibu alikaa mezani na kuandika taarifa.

Mkaguzi wa lifti alikuja Jumatatu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kofia ngumu chini ya kwapa, na alitangulia kukagua kila kitu kabla ya kuomba kusomewa taarifa. Walikaa katika chumba cha kamati, mkaguzi, Katibu, mkewe aliyeitwa kwa kuwa ndiye aliyepiga simu, na Bibi Mshonaji, aliyekaa karibu na mlango kwa sababu alikuwa amemwacha mzee na jirani. Katibu alisoma kwa sauti nzuri. Kwamba lifti ilisimama kwa muda wa dakika ishirini. Kwamba mtumiaji mmoja alisaidiwa kutoka kwa ushirikiano wa kamati na vyombo husika. Kwamba aliyeathirika ni mmoja, na hali yake ni njema.

"Dakika ishirini tangu lini?" aliuliza mkaguzi.

"Tangu tukio lilipopokewa rasmi. Yaani sajini alipofika."

"Simu iliyomleta sajini ilipigwa na mke wako, na zimamoto wana saa waliyoipokea. Kwa mujibu wa taarifa yako, alipiga kabla tukio halijaanza."

Katibu alifikiri. "Mke wangu ni mtu wa tahadhari," alisema.

Mkaguzi alimtazama kitambo, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui akitupe upande gani. Kisha akamgeukia mwanamke.

"Mama, ulipopiga simu alikuwa amekaa ndani muda gani?"

"Mlinzi alikuja kwetu tulipomaliza chakula cha mchana. Huyu akanywa chai. Akapiga simu yake ambayo sikuisikia. Niliposhika simu mimi, watu walikuwa wanajiandaa kwa alasiri. Bibi alitoka jua limeanza kushuka." Kisha akaongeza bila kumwangalia mume wake: "Chai alirudia."

"Muda wa saa tatu na zaidi," alisema mkaguzi, akaandika. "Na kampuni wanasema waliambiwa hakuna mtu ndani."

Katibu aliinua kidole kana kwamba atatoa ufafanuzi, akakishusha. Bibi Mshonaji ndiye aliyesema, na alisema kwa utaratibu, akiwa ameshika mikono yake pamoja.

"Mimi hayo ya saa sitaki kugombana nayo. Nina jambo moja. Hapo pameandikwa aliyeathirika ni mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Tulikuwa wawili. Mzee wangu naye aandikwe."

"Bibi, nakuonea huruma," alisema Katibu haraka, maana hapa alihisi yuko kwenye ardhi yake, "lakini mume wako hakuwa ndani ya lifti. Alikuwa nyumbani kwake, kitandani kwake. Tukiandika kila mtu aliyekuwa nyumbani kwake tutaandika jengo zima."

"Alianguka akinifuata mimi."

"Hilo ni suala la ugonjwa wake. Tena, afande, mzee mwenyewe hasemi. Hawezi kuulizwa."

"Anasema," alisema Bibi. "Anasema polepole. Wewe hujawahi kusubiri."

Mkaguzi alisimama, akavaa kofia yake ambayo haikuwa na kazi pale, akasema, "Twende."

Walipanda kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa imekwisha kufungwa kwa mnyororo na lakiri. Bibi alitangulia. Mke wa Katibu akafuata, kisha mkaguzi, na nyuma yao wote Katibu, ambaye katika miaka yote ya ukatibu wake hakuwahi kupanda hadi saba kwa miguu, na aliposhika reli kwenye ghorofa ya tano kupumua, hakuna aliyegeuka. Alipoingia chumbani, mkaguzi alikuwa tayari amevuta kigoda kando ya kitanda. Cherehani ilikuwa dirishani, na gauni la mteja limebaki na sindano ndani yake tangu Jumamosi.

"Mzee, mimi ni mkaguzi wa lifti. Nataka unieleze kilichokupata."

Mzee alimtazama. Midomo yake ilianza kazi, na kazi ilikuwa ndefu. Katibu, akiwa bado anahema, akaweka mkono begani mwa mkaguzi.

"Unaona, afande. Nilikwambia."

"Nasubiri," alisema mkaguzi.

Walisubiri. Bibi hakumsaidia mumewe, wala hakumtafsiria. Alisimama upande wa miguu, akitazama uso wa mzee tu, kama alivyoutazama kila siku tangu ugonjwa ulipoingia.

"Alikuwa anagonga," alisema mzee. Akapumzika. "Nikaita. Hakuna mtu." Akapumzika tena, zaidi. "Nikaenda."

"Ukaenda, ukaanguka."

"Ndiyo."

"Ulilala chini muda gani?"

Mzee alifikiri, kisha mkono wake ulio mzima ukainuka kidogo kuelekea dirishani, ukashuka kando ya ukuta polepole, kama jua linavyoshuka, ukatua juu ya blanketi.

Mkaguzi aliandika. Alipomaliza alisoma kwa sauti, kwa faida ya wote: walioathirika ni wawili, mmoja ndani ya lifti, mmoja nyumbani, mgonjwa aliyekuwa katika uangalizi wa huyo wa kwanza, aliyeumia kwa sababu ufunguo wa kumfikia ulizuiliwa. Akamwambia Katibu kwamba lifti haitafunguliwa hadi mlango wa ghorofa ya tatu utengenezwe, ule wa ya nne ubadilishwe, kengele iunganishwe tena, na tangazo lile libanduliwe juu ya namba ya dharura. Na kwamba nakala itakwenda kwa wakazi wote na kwa polisi, ambao wataamua wenyewe kuhusu nondo na kuhusu ufunguo. Kisha akampa kalamu ili atie sahihi kwamba amesomewa.

Katibu aliishika kalamu. Macho yake yalishuka mstari kwa mstari hadi mahali fulani, yakasimama.

"Hapa palipoandikwa 'ulizuiliwa'," alisema. "Ingefaa zaidi 'ulichelewa'."

Mkewe alikuwa amekwisha kutoka, na nyayo zake zilisikika zikishuka. Bibi Mshonaji alichukua kijiko, akachovya katika glasi, akainama juu ya mume wake, na kwa kuwa Katibu alikuwa amesimama kati yake na mwanga wa dirisha, alimwomba asogee.

Akasogea. Akatia sahihi akiwa amesimama, karatasi juu ya mfuniko wa cherehani.